Umepewa kazi ya kumtambulisha mwandishi wa riwaya kwenye uzinduzi? Fanya hivi (kwa watu wa Kigoma na Tabora)

Naandika hii kwa sababu simu zimezidi. Kila ukikaribia uzinduzi wa kitabu huku kwetu lazima mtu anitafute, mara nyingi Alhamisi usiku na shughuli ni Jumamosi, "kaka, wamenipa nimtambulishe mwandishi, sasa niseme nini?" Naeleza, kesho yake anapiga mwingine na swali lilelile. Kwahiyo leo naandika mara moja, ukishasoma hapa usinipigie, labda uniite tu kula ubwabwa wa shughuli.

Naongelea riwaya. Vitabu vya ujasiriamali, vya dini na vya mashairi vina mambo yake. Na naongelea zile dakika tatu kabla mwandishi hajasimama, maana kuna watu wanachanganya mtambulishaji na mshereheshaji. Mshereheshaji anaendesha shughuli nzima, anaita mgeni rasmi, anatangaza gari lililoziba njia. Wewe kazi yako ni moja, mtu akae pale kwenye kiti chake cha plastiki awe na swali ambalo jibu lake liko ndani ya kitabu tu.

Niseme nilivyoharibu mimi kwanza ili ujue sikukaa tu nikatunga. Mara yangu ya kwanza ilikuwa Tabora, riwaya ya upelelezi, kijijini mizinga ya nyuki inaibwa asali na watu wanashikana uchawi. Nikapanda na karatasi nne. Nikaanza na mwandishi kazaliwa lini, shule ya msingi wapi, sekondari wapi, cheti gani, watoto wangapi. Watu wakaanza kushika simu. Nikaona nawapoteza, nikaruka kwenye hadithi, na kwa jinsi nilivyonogewa nikasimulia yote mpaka "kumbe jamani, mwizi ni shemeji mtu!" Ukumbi mzima ukafanya "aaaah", mimi nikadhani nimeupiga mwingi. Baadaye pale mezani mama mmoja kashika kitabu, kakigeuza, kakirudisha. Mwandishi akamuuliza mama vipi, hukipendi? Akajibu, "Si huyo kaka ameshatusimulia?" Zililetwa nakala 60, zikauzwa 9. Mwandishi hakunigombeza, ndio maana iliniuma zaidi.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Kitabu chenyewe mkononi, angalau wiki mbili kabla. Sofkopi ya kwenye simu inasaidia kusoma, ila siku ya shughuli unahitaji cha karatasi, watu wakione.
- Penseli, na vipande vya karatasi vya kuwekea alama.
- Nusu saa ya kuongea na mwandishi, kwa simu au ana kwa ana.
- Ratiba ya siku hiyo, ujue unapanda baada ya nani.
- Simu yenye saa ya kuhesabu dakika na ya kurekodi sauti.
- Bei ya kitabu na meza itakapokaa.

Basi.

HATUA ZENYEWE

1. Soma kitabu chote, halafu rudia robo ya kwanza.

Chote, ndugu yangu. Usisome maandishi ya jalada la nyuma ukaenda kuyarudia kwenye maiki, yale kila mtu atayasoma mwenyewe akikishika. Ukiwa unasoma weka alama sehemu tatu tu: pale uliposahau chai yako ikapoa, pale ulipocheka peke yako, na pale ulipotaka kumuuliza mhusika "we unafanya nini?" Hiyo ya tatu ndio dhahabu.

Kwanini urudie robo ya kwanza? Kwa sababu utambulisho wako wote utatoka humo. Kitabu kikiwa na kurasa 180, wewe mpaka wako ni ukurasa wa 45 hivi. Chochote kinachotokea baada ya hapo sio mali yako, ni mali ya mnunuzi. Unasoma mpaka mwisho ili ujue kipi cha kuficha, na ili usiahidi kitu ambacho kitabu hakina. Ukiwaambia watu ni kichekesho halafu ukurasa wa 100 watoto wanakufa, umemharibia mwandishi wasomaji wa kitabu kijacho.

2. Mpigie mwandishi, muulize mambo manne.

Moja, atasoma ukurasa upi siku hiyo? Hili watu wanalisahau sana halafu wanajikuta wamesoma kipande kilekile, mwandishi anapanda hana kitu. Wewe unatakiwa uishie mlangoni pa kile atakachosoma yeye. Mbili, kitu gani hataki kisemwe kabisa? Tatu, anaitwaje, yaani majina mangapi, anatamkaje, na uanze na "Mwalimu" au "Dada" au bila kitu. Wapo wenye jina la jalada tofauti na la kwenye kitambulisho na hawataki hilo la pili litajwe. Nne, alipitia nini ili aweze kuandika habari hii? Hapo nyamaza umwache aongee, usimkatize, huko ndiko utapata kitu cha kusema juu yake.

3. Tafuta tukio moja, sio muhtasari.

Hapa ndio kazi ilipo, kwahiyo nakaa hapa kidogo. Watu wengi wanaandika "riwaya hii inahusu mapenzi, usaliti, umaskini na nafasi ya mwanamke katika jamii". Hayo ni majibu ya mtihani wa kidato cha nne, hakuna mtu ametoa elfu kumi na tano yake kununua "nafasi ya mwanamke katika jamii". Unachotafuta ni tukio moja la mwanzoni ambapo mtu anataka kitu na kuna kitu kinamzuia, na wewe unaondoka kabla hajaamua.

Nitumie kazi moja niliyofanya hapa Kigoma, kitabu sikitaji na vitu viwili vitatu nimebadilisha. Mwandishi ni dada, riwaya ina kurasa 180, inasimuliwa na mama muuza dagaa wa mwaloni Kibirizi. Ukurasa wa kwanza ni usiku wa mwezi mpevu na mumewe anabeba taa anatoka kwenda ziwani.

Kama umekulia huku umeshashtuka. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za betri, wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga, dagaa hawakusanyiki kwenye taa yako, ndio maana siku zile wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Sasa huyu anaenda kufanya nini? Hapo huhitaji kusema neno "siri" wala "taharuki", mtu wa Kigoma umeshamshika na sentensi moja.

Ila tukio hilohilo ukilipeleka Tabora halitembei hivyo, kule dagaa wanafika na treni wameshakauka. Inabidi uongeze sentensi mbili za kueleza habari ya mwezi na taa, uziweke mwanzoni kabisa kabla ya huyo baba kutoka, sio uwe umeshamtoa nyumbani halafu unasimama kueleza mambo ya uvuvi. Kwahiyo kabla hujaandika jiulize, watu nitakaowakuta ukumbini wanajua nini tayari? Wanachojua usikieleze, wasichojua kiwahi mbele.

Na majina ya wahusika: yasizidi mawili. Msikilizaji hana kitabu mkononi, ukimtajia majina matano kwa dakika moja anabaki anajiuliza nani mtoto wa nani. Mimi pale sikutaja hata moja, nilisema "mume" na "mkewe", yakatosha.

4. Chagua kitu kimoja tu cha maisha ya mwandishi.

Kimoja, na kiwe kinagusana na kitabu. Yule dada ana shahada, ana tuzo ya uandishi ya shule aliyokuwa anasoma, amefundisha, ana duka. Vyote nikaacha. Nilichochukua ni kwamba alikuwa karani mwaloni miaka sita, anakaa na daftari anaandika nani katoka na nani karudi. Hicho kimoja kinamfanya msikilizaji aseme huyu anajua anachoongea. Wasifu mwingine weka kwenye kile kikaratasi cha ratiba, wenye hamu watasoma.

5. Andika unavyoongea.

Usiandike insha. Kwa mwendo wa kuongea mbele za watu, ukiweka na kupumua, dakika moja inameza maneno mia hivi ya Kiswahili. Dakika tatu basi ni maneno mia tatu, chini ya ukurasa mmoja. Hiki hapa nilichosema siku ile, karibu neno kwa neno:

"Sisi wote hapa tunajua, mbalamwezi ikiwaka hakuna anayekwenda kuvua dagaa. Wiki hiyo watu wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na wake zao. Sasa kwenye kitabu hiki, ukurasa wa kwanza, ni usiku wa mwezi mpevu. Saa nane mwanamume anaamka, anabeba taa, anachukua galoni la petroli, anatoka. Mkewe yuko macho. Anamwona. Hamuulizi kitu.

Asubuhi anarudi. Hana hata dagaa mmoja. Kwenye mfuko wa koti ana hela nyingi kuliko wanazoshika mwezi mzima. Mkewe anazikuta, anazihesabu, anazirudisha palepale, anaenda kuwasha moto.

Mwezi unaofuata, mbalamwezi tena, anatoka tena. Na huyu mama ana watoto watatu na ana deni la kikoba. Aulize, au anyamaze watoto wale?

Aliyeandika hiki kitabu alikaa mwaloni miaka sita na daftari, anaandika nani katoka, nani karudi. Nikamuuliza, dada, miaka yote hiyo uliwahi kuona mtu anatoka na taa usiku wa mbalamwezi? Akanyamaza. Halafu akaniambia, soma ukurasa wa 41. Nimeusoma. Nawasomea sentensi mbili tu: 'Mume wangu alinuka samaki siku zote za ndoa yetu. Usiku ule alirudi hanuki kitu.'

Kilichofuata atawasomea mwenyewe."

Halafu jina lake. Nikashusha maiki.

Angalia vitu viwili hapo. Ile sentensi ya wake zao imewekwa makusudi, ukumbi ucheke mapema, watu wakishacheka pamoja wanasikiliza. Na sikusema popote kwamba kitabu ni kizuri. Hakuna "riwaya bora kabisa", hakuna "kila Mtanzania anapaswa kusoma". Ukisifia, msikilizaji anaanza kupima sifa zako badala ya kuwaza hela za kwenye koti.

6. Chukua sentensi mbili za mwandishi mwenyewe.

Mbili, tatu mwisho. Watu wasikie sauti yake kidogo. Chagua zile ambazo mtu hahitaji kujua hadithi ili zimguse, na zisiwe na maneno ya kukwama ulimi. Weka kikaratasi kwenye ukurasa, na sentensi zenyewe zipigie mstari kwa penseli, maana ukiwa umesimama na taa za ukumbi wa shule zilivyo utatafuta mstari mpaka watu wakuonee huruma. Hata kama umezikariri, fungua kitabu usome humo. Watu wakiona unafungua wanaamini kimefunguliwa.

7. Jirekodi, sikiliza, kata.

Simama, sema kwa sauti, rekodi. Mara ya kwanza itakuja dakika tano, ni kawaida. Kata mwanzo, karibu kila mara mwanzo ndio mzigo: "Awali ya yote ningependa kuchukua nafasi hii adhimu..." toa. Kisha msikilizishe mtu ambaye hajasoma kitabu, mimi namtumia mdogo wangu ambaye havumilii mambo marefu. Usimuulize "imekaaje?" Muulize "unataka kujua nini?" Akisema "zile hela zilitoka wapi?" umemaliza kazi. Akisema "nzuri" rudi hatua ya 3.

8. Siku yenyewe.

Wahi, shika maiki kabla watu hawajaja, ujue inawashwa wapi. Ukiitwa, itifaki sema kwa pumzi moja, "Mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa", maana mshereheshaji ameshawataja wote na ukianza kurudia waheshimiwa mmoja mmoja utamsahau mmoja na yatakuwa maneno. Nyamaza kidogo. Anza na sentensi yako ya kwanza, sio salamu ya tatu.

Jina la mwandishi liwe neno la mwisho kutoka mdomoni kwako. Ukilisema katikati watu wanapiga makofi katikati na ile kasi inakufa. Ukishalitaja anza wewe kupiga makofi, mkabidhi maiki, shuka. Usibaki umesimama nyuma yake kama mlinzi.

Bei na meza usiviweke kwenye utambulisho. Mwombe mshereheshaji avitangaze mwandishi akishamaliza kusoma, hapo ndio mkono uko karibu na pochi.

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MARA

Kubwa ni lile langu, kusema mwisho. Lakini linakuja kwa njia za kichinichini pia. Ukisema "mwisho wake utawaliza" umeshasema kuna mtu anakufa. Ukisema "hakuna anayeweza kudhani mwizi ni nani" kila mtu ataanza kumshuku yule mpole. Neno "mwisho" lisiwepo kabisa kwenye karatasi yako.

La pili ni kujitambulisha wewe. "Mimi na mwandishi tumetoka mbali, tulikuwa tunakaa chumba kimoja Uyui..." stori yako inafika dakika nne na kitabu hakijatajwa. Urafiki wenu pelekeni kwenye chakula.

La tatu, kusema habari ya kitabu ni ya kweli iliyomtokea mwandishi. Hata kama umehisi, usiseme. Hii miji midogo, watu wataanza kutafuta huyo mume ni nani, na mwandishi anarudi nyumbani kwake wewe umeshalala. Kwenye ule utambulisho wangu nilimuuliza yule dada mara mbili kama ile sehemu ya kunyamaza inaruhusiwa, akasema sawa, kwa kuwa haimgusi mtu yeyote aliye hai.

IKITOKEA HIVI, FANYA HIVI

Kitabu kimechelewa, maboksi bado yapo kwenye basi na shughuli ni kesho. Omba sofkopi, soma robo ya kwanza kwa makini, na sehemu inayobaki mwombe mwandishi akusimulie kwa simu dakika kumi. Usijifanye umesoma chote, sema tu habari za kurasa ulizosoma. Utambulisho wenyewe unatoka humo humo.

Mgeni rasmi kachelewa saa mbili, wanakuambia una dakika moja. Usiongee haraka. Kata wasifu, kata ile sentensi ya kuchekesha, bakiza tukio na sentensi mbili za kitabu. Mimi huwa naandika toleo la dakika moja nyuma ya karatasi toka nyumbani, kwa sababu hili la kuchelewa sio "ikitokea", linatokea.

Aliyepanda kabla yako ameshasimulia kitabu chote. Hii imenikuta. Usimsahihishe, wala usiseme "kama alivyosema mwenzangu". Fungua kitabu, soma sentensi zako mbili, sema kile kimoja cha mwandishi, taja jina. Watu wakisikia sauti ya kitabu wanasahau muhtasari.

Hukukipenda kitabu. Tafuta ile alama ya penseli ulipocheka au uliposahau chai, hata iwe moja. Ongelea hiyo tu na usidanganye juu ya zilizobaki. Kama hakuna hata moja, mpigie mwandishi mapema umwambie atafute mtu mwingine, atakasirika wiki moja.

Watu hawacheki pale ulipotegemea. Usieleze kichekesho. Endelea kama vile hakikuwepo.

Umeme umekatika na maiki imekufa. Toka jukwaani, nenda simama katikati ya ukumbi, sio mbele, ili wa nyuma wasikie. Sema polepole kuliko ulivyozoea. Kama ni usiku mwambie mtu mmoja akumulikie kitabu kwa tochi ya simu, mmoja tu, maana wakikumulika kumi huoni kitu.

Jina limekutoka kichwani pale pale unapotaka kulitaja. Usiangalie dari. Kitabu kiko mkononi, kinyanyue na jalada liwaangalie watu, kishushe taratibu huku unalisoma. Ila kama jina la jalada sio analotaka kuitwa, hilo analotaka liandike kwa kalamu kiganjani kabla hujatoka nyumbani. Kwa kalamu ya wino, sio maka ya kufutika, hiyo maka ikikutana na jasho inakupa jina jingine.